Kutengeneza traki ya muziki na milio pale ilipobaki miksi iliyokamilika peke yake

Filamu inapopelekwa kuingizwa sauti za lugha nyingine, studio inayofanya kazi hiyo huomba picha pamoja na traki ya muziki na milio, yaani sauti yote ya filamu isipokuwa mazungumzo. Mtengenezaji aliyejipanga huitoa traki hiyo siku ileile anapomaliza miksi, kwa kuzima traki za mazungumzo na kuhifadhi kilichobaki. Filamu zetu nyingi, hata hivyo, hubaki na faili moja la stirio lililoshonwa pamoja na picha, kwa sababu mradi ulifutwa kompyuta ilipouzwa au diski iliyokuwa na traki imekufa. Mwongozo huu ni wa hali hiyo.

Tuchukue mfano wa tamthilia ya dakika 24 ya Kiswahili, iliyopigwa Hombolo, mkoani Dodoma, kwa familia ya wakulima wa zabibu, ambayo sasa inatakiwa kuingizwa sauti za Kifaransa kwa watazamaji wa Burundi na Kongo. Nitashughulikia zaidi onyesho moja, kuanzia dakika ya 6:10 hadi 8:05. Kijana anarudi nyumbani jioni ya kiangazi, anamwamkia mama yake uani, nao wanazungumza juu ya deni la pembejeo. Nyuma yao upepo unavuma, mbuzi wamefungwa karibu na banda, mama anaweka sufuria kwenye mafiga, na zeze linapigwa polepole kama muziki wa chini.

Onyesho hilo linaonyesha ugumu wote wa kazi hii. Sauti ya mama haikurekodiwa peke yake. Maikrofoni ileile iliyonasa maneno yake ilinasa upepo, kanga yake na sufuria. Mazungumzo yakitolewa, hivyo vyote hutoka kwa sehemu au kwa ukamilifu, na pale palipokuwa na maneno hubaki shimo. Kwa hiyo anayepanga muda wa kazi hii na ahesabu kwamba kuondoa maneno kutachukua sehemu ndogo, na kurudisha kilichoondoka pamoja nayo ndiko kutakakokula siku.

Kabla ya kugusa faili

Muulize kwanza mhariri, mtunzi wa muziki na aliyefanya miksi kama wana chochote kilichosalia. Mtunzi wa muziki karibu kila mara anazo nyimbo zake kamili, na faili moja safi la zeze litakuokolea saa nyingi. Uliza pia kama kuna toleo la chaneli sita, maana katika matoleo hayo mazungumzo hukaa kwa kawaida kwenye chaneli ya kati, na kuizima hiyo pekee huacha muziki karibu wote ukiwa mzima. Utabaki na kazi ya kurudisha nyayo, milango na vyombo vilivyokuwa humo pamoja na maneno. Ruhusa ya mwenye haki za filamu na ya mwenye muziki ipatikane kwa maandishi wakati huohuo, kwa kuwa unaandaa toleo jipya la kazi yao.

Kisha tafuta faili bora kuliko yote. Nakala iliyopakuliwa mtandaoni ama iliyotumwa kwa simu imeshabanwa, na sauti iliyobanwa huacha mabaki ya maji-maji mara tu unapoanza kuitenganisha. Ukiwa na faili kuu ya picha, angalia kwanza ina sauti ya namna gani, halafu itoe bila kuibana tena, kwa amri hizi za ffmpeg, programu ya kushughulikia faili za picha na sauti:

```
ffprobe -hide_banner filamu.mov
ffmpeg -i filamu.mov -map 0:a:0 -c:a pcm_s24le -ar 48000 miksi.wav
```

Kilohezi 48 na biti 24 ndicho kipimo cha kawaida cha sauti ya picha, nacho ndicho utakachokishikilia hadi mwisho. Faili hii usiihariri kamwe. Ndiyo rejea yako ya urefu, ya kiwango cha sauti na ya majaribio yote yatakayofuata.

Kwa nini kutoa kushoto kwa kulia hakutoshi

Mafundi wengi wanaijua njia ya zamani ya kugeuza polariti ya chaneli moja na kuijumlisha na nyingine, ili kilichokaa katikati kijifute. Ni kweli maneno hukaa katikati ya stirio, lakini katikati hukaa pia besi, ngoma kubwa, nyayo na mlango unaobamizwa, na vyote hivyo hujifuta pamoja nayo. Kinachobaki ni sauti ya mono isiyo na kifua. Baya zaidi ni kwamba mwangwi wa sauti ya mtu aliye ndani ya chumba umesambaa kushoto na kulia, kwa hiyo haujifuti, na unabaki ukimsikia mzungumzaji kama yuko ndani ya mtungi. Njia hii ninaitumia kwa uchunguzi tu: inanionyesha kwa haraka ni kiasi gani cha muziki kimetandazwa pembeni.

Njia inayofaa leo ni programu za kutenganisha sauti, ambazo zimefunzwa kutambua sauti ya binadamu ndani ya mchanganyiko. Demucs, iliyotoka kwa watafiti wa Facebook, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Ikumbukwe tu kwamba ilifunzwa kwa nyimbo. Inachojua ni kugawa wimbo katika sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na vinginevyo. Haijui mazungumzo ni nini, wala haijui mbuzi ni nini. Makosa yake mengi yanaeleweka mara tu unapolikumbuka hilo.

Chora ramani ya filamu kwanza

Tazama filamu yote ukiwa na karatasi, na uandike muda wa kila mahali panapozungumzwa. Kila mahali uweke alama ya kilichopo chini ya maneno: ukimya wa chumba, upepo, muziki, umati, au wimbo unaoimbwa. Katika tamthilia yetu utagundua kwamba karibu nusu ya dakika 24 hazina neno hata moja. Sehemu hizo hazihitaji kupita kwenye programu yoyote; miksi yenyewe ndiyo traki ya muziki na milio kwa dakika hizo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kupitisha filamu nzima na kukabidhi kilichotoka, hata pale ambapo hapakuwa na cha kuondoa, na hivyo kuharibu sauti nzuri bure.

Ramani itakuonyesha pia mahali pa hatari. Dakika ya 15 ya filamu hii kuna wanawake wanaopiga muheme na kuimba kwenye sherehe ya mavuno. Kwa programu, kuimba kwao na mazungumzo ni kitu kimoja, na itawaondoa wote, ibaki midundo mitupu. Nyimbo hubaki kwenye traki ya muziki na milio isipokuwa mteja ameomba vinginevyo, kwa hiyo sehemu hiyo isipelekwe kutenganishwa. Kama kuna mtu anayezungumza juu ya wimbo kwa sekunde chache, tafuta ubeti mwingine wa wimbo huohuo usio na maneno ya mtu juu yake, uulinganishe na mdundo, na uuweke hapo.

Kutenganisha

Kata onyesho kwa ziada ya sekunde chache kila upande, kisha ulipitishe. Hapa nimeacha mipaka ileile ya onyesho ili mfano usomeke kwa urahisi:

```
ffmpeg -i miksi.wav -ss 00:06:10 -to 00:08:05 -c:a pcm_s24le onyesho4.wav
demucs --two-stems=vocals -n htdemucs_ft --float32 onyesho4.wav
```

Ndani ya folda `separated/htdemucs_ft/onyesho4` utakuta faili mbili. `vocals.wav` ina sauti za watu, na `no_vocals.wav` ina kilichobaki. Usiitupe ya kwanza; utaihitaji karibu sawa na ya pili. Kompyuta isiyo na kadi ya michoro huchukua muda: modeli ya kawaida huchukua takriban mara moja na nusu ya urefu wa sauti, na hii ya `htdemucs_ft` mara nne ya hapo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutopitisha filamu nzima.

Demucs hutoa faili za kilohezi 44.1 hata ukiipa za 48. Programu nyingi za kuhariri zitabadilisha zenyewe, lakini ikitokea faili ikachezwa kwa kasi ya 48 bila kubadilishwa, onyesho letu la sekunde 115 litakwisha kwenye sekunde ya 105.7 na zeze litapanda sauti. Badilisha mwenyewe mapema, faili zote mbili, ukiwa ndani ya folda hiyo:

```
ffmpeg -i no_vocals.wav -ar 48000 -c:a pcm_f32le bila.wav
ffmpeg -i vocals.wav -ar 48000 -c:a pcm_f32le maneno.wav
```

Kupanga traki na kuunga

Fungua mradi wa kilohezi 48 katika programu unayoitumia, iwe Audacity, Reaper au nyingine. Traki ya juu iwe miksi halisi, ya pili iwe `bila.wav`, ya tatu iwe `maneno.wav` ikiwa imezimwa, na chini yake traki tupu za kujazia. Hakikisha kwamba kishindo kimoja kinachosikika wazi, kwa mfano sufuria inapogusa mafiga, kinaangukia mahali palepale kwenye traki mbili za mwanzo. Halafu pita na mkasi: kwenye maneno iache `bila.wav`, kwingine kote iache miksi halisi.

Kwenye kila kiungo weka fedi ya kupishana, na uchague umbo lake kwa kufikiri. Miksi na `bila.wav` ni sauti ileile mahali pasipo na maneno, kwa hiyo fedi iwe ya mstari ulionyooka. Ukitumia ile ya nguvu sawa, ambayo programu nyingi huichagua zenyewe, upepo utavimba kwa hadi desibeli 3 katikati ya kiungo, na masikio ya mtazamaji yatasikia pumzi kila mara mtu anapotaka kuongea. Fedi ya nguvu sawa ina mahali pake, nako ni kule unakounga upepo uliourekodi kivyake, usiofanana na ule wa filamu.

Mbuzi na "shikamoo"

Sasa sikiliza onyesho kwa hedifoni, miksi ikiwa imezimwa kwenye maneno. Katika onyesho letu mambo mawili yatajitokeza.

La kwanza ni kwamba mbuzi wamenyamaza. Mlio wa mbuzi una mawimbi yaliyopangika kama sauti ya mtu, programu ikauhesabu kuwa uimbaji, na sasa umo ndani ya `maneno.wav`. Dawa yake ni rahisi: washa traki hiyo, tafuta kila mlio uliosimama peke yake, ukate, na uuache uchezwe palepale ulipo bila kuusogeza. Kwa kuwa faili hizo mbili zikijumlishwa hurudisha sauti inayokaribia sana ile ya awali, mbuzi atarudi kama alivyokuwa. Mlio mmoja, hata hivyo, umeangukia juu ya neno "deni", na huo hauwezi kuokolewa. Chukua mlio mwingine wa mbuzi huyohuyo kutoka mahali penye nafasi, uuweke hapo, na uushushe hadi ulingane. Mlio wa mtoto anayelia kwa mbali, king'ora na honi hupotea kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo pitia `maneno.wav` yote kwa kusudi la kutafuta visivyo maneno.

La pili ni kwamba kijana anapoingia na kusema "Shikamoo mama", maneno yameondoka lakini "sh" imebaki kama mtu anayenyamazisha watoto. Herufi za mvumo, yaani s, sh, ch na f, hazina mawimbi yaliyopangika. Zinafanana na upepo na kayamba, na programu huziacha kwa upande usio wa maneno. Kwenye picha ya spektogramu utaziona kama pazia fupi lililosimama, hasa juu ya kilohezi 3. Unaweza kulishusha pazia hilo peke yake kama programu yako ina brashi ya spektogramu, au ukafuta sehemu hiyo ndogo na kuijaza upepo.

Si kila baki linastahili kazi hiyo. Sauti ya Kifaransa itakapowekwa juu, itafunika mabaki mengi. Baki la hatari ni lile lililo mwishoni mwa sentensi, kwa kuwa sentensi mpya inaweza kwisha mapema kuliko ya Kiswahili, na mtazamaji akasikia mkia wa neno lisilo na mwenyewe. Anza na miisho, kisha mianzo, na katikati upite kwa haraka.

Kujaza mashimo

Baada ya hapo upepo wa `bila.wav` utasikika mwembamba kuliko ule wa miksi, kana kwamba mtu anafungua na kufunga dirisha. Unatakiwa kuweka upepo mwingine chini yake. Chanzo bora ni onyesho lenyewe: kusanya kila nafasi ambayo hakuna anayeongea, hata ya nusu sekunde, ziunganishe, na upate mfululizo wa sekunde kumi au zaidi. Kipande kifupi kinachorudiwa husikika haraka, hasa kikiwa na kitu cha kutambulika kama kuku mmoja, kwa hiyo kiondoe kuku huyo kabla ya kurudia.

Vipande visipotosha, rudi mahali. Upepo wa kiangazi wa Dodoma una sauti yake, kavu na yenye kugonga mabati, na upepo wa maktaba ya milio uliorekodiwa pwani au kwenye misitu ya nchi nyingine hautakaa nao. Dakika tatu zilizorekodiwa uani Hombolo saa ileile ya jioni, maikrofoni ikiwa na kikinga upepo na kuwekwa mbali na ukuta, zinatosha onyesho zima. Kwa onyesho la soko la filamu hii, nilishauri kurekodi kwenye soko la Majengo asubuhi, maikrofoni ikiwa mbali kiasi kwamba minong'ono ya umati haitoi neno linaloeleweka. Umati unaosikika kama mvumo hubaki kwenye traki. Muuzaji anayesikika akitaja bei ya nyanya ni mazungumzo, naye lazima atoke.

Mwishoni rudisha milio ya vitendo: nyayo za kijana kwenye changarawe, kanga ya mama anapoinuka, kikombe kinachowekwa mezani. Irekodi huku ukitazama picha, maikrofoni ikiwa karibu nusu mita hadi mita moja, na uishushe hadi isitambulike kuwa imeongezwa. Pumzi, vicheko, kikohozi na kilio cha waigizaji visiingizwe kwenye traki kuu, kwa sababu mwigizaji wa Kifaransa atavitoa mwenyewe. Viweke kwenye traki ya hiari, ambayo studio itaitumia ikitaka.

Kuna hitilafu moja ya ujanja ambayo huonekana hatua hii tu. Kama miksi ilipitishwa kwenye kompresa au limita kali, upepo na zeze vilikuwa vikisukumwa chini kila mama alipopaza sauti. Maneno yakiisha kuondolewa, misukumo hiyo hubaki wazi, na muziki unaonekana kuinama bila sababu. Chora mstari wa kiwango cha sauti na uinue mashimo hayo kwa desibeli 1 hadi 3. Lakini usiguse pale ambapo aliyefanya miksi alishusha muziki kwa makusudi ili maneno yapite. Kifaransa nacho kitahitaji nafasi hiyo.

Kujaribu na kukabidhi

Toa traki yote ya dakika 24, uiweke kando ya `miksi.wav`, ugeuze polariti yake, na uzicheze pamoja. Mahali pasipo na mazungumzo pawe kimya kabisa. Ukisikia chochote hapo, kiwango kimebadilika au traki imesogea, hata kwa sampuli chache. Mahali penye mazungumzo utasikia maneno, pamoja na kila kitu ulichokipoteza na kila ulichokiongeza. Mlango unaosikika hapa na usiosikika kwenye traki yako bado unakudai.

Baada ya jaribio hilo, itazame filamu kwa traki yako peke yake, na mwenzako ambaye hakuiona aeleze kama amesikia neno. Masikio yako yanayajua maneno na yatayasikia hata yasipokuwepo, ama yatayazoea hata yakiwepo.

Faili ya kukabidhi iwe WAV ya kilohezi 48 na biti 24, bila limita, ikiwa na urefu uleule wa picha. Sekunde 2 kabla ya fremu ya kwanza weka mlio wa hezi 1000 wenye urefu wa fremu moja, kwenye sauti na kwenye picha, ili studio ipange bila kubahatisha. Ambatanisha traki ya hiari, miksi halisi ya Kiswahili kama mwongozo wa waigizaji, na orodha fupi ya dakika ambazo baki la maneno halikuondoka, ili mtafsiri aziandikie sentensi ndefu za kutosha kulifunika.